Haina Kiini, Lakini Si Prokarioti

Seli nyekundu ya damu ya binadamu ikishakomaa haina kiini. Haina mitokondria pia. Upana wake ni mikromita 7 hadi 8, imejaa himoglobini, na huishi takriban siku 120 kabla ya kubomolewa kwenye wengu na ini. Sasa mwanafunzi aliyekariri kwamba seli isiyo na kiini ni prokarioti akiulizwa seli hii ni ya kundi gani, atajibu nini? Akifuata alichokariri, ataiweka damu yake mwenyewe kundi moja na bakteria wa kipindupindu.

Wapo watakaolalamika kwamba swali la namna hiyo ni la mtego. Mimi sioni mtego. Naona njia nzuri ya kumtenga aliyeelewa na aliyekariri sentensi moja. Seli nyekundu huanza maisha ndani ya uboho wa mfupa ikiwa na kiini kama seli nyingine za mwili. Inapokaribia kukomaa hukitoa kiini hicho nje, kisha huondoa na mitokondria zake, nafasi yote ibaki kwa himoglobini inayobeba oksijeni. Kuku hafanyi hivyo. Seli zake nyekundu hubaki na kiini mpaka mwisho. Jibu sahihi basi ni kwamba seli hii ni ya yukarioti: imetokana na seli yenye kiini, ikakipoteza ilipokuwa inakomaa. Sentensi moja tu, lakini ndani yake mna jibu na mna sababu, na katika swali linaloanza na "eleza", sababu ndiyo inayotafutwa na msahihishaji.

Mgawanyo huu wa seli si wa kale sana. Kwa muda mrefu wataalamu waligawa viumbe katika mimea na wanyama, na bakteria walipoonekana kwa hadubini wakasukumwa upande wa mimea. Mwanabiolojia Mfaransa, Edouard Chatton, aliyatumia maneno prokarioti na yukarioti mwaka 1925, lakini hayakushika mizizi mpaka 1962, pale Roger Stanier na Cornelis van Niel walipoandika makala ya kueleza bakteria ni nini hasa. Wakati huo hadubini ya elektroni ilikuwa imeshafunua yaliyomo ndani ya seli, ikaonekana kwamba mpaka mkubwa wa viumbe haupiti kati ya mwembe na mbuzi. Mwembe na mbuzi wako upande mmoja, pamoja na uyoga, hamira, amiba na kimelea cha malaria. Hao wote ni yukarioti. Upande wa pili wako bakteria na akea, kundi ambalo Carl Woese na George Fox walilionyesha mwaka 1977 kuwa ni ukoo unaojitegemea, ingawa kwa umbo hufanana sana na bakteria.

Ukitazama orodha hiyo ya yukarioti utaona kosa moja likijifuta lenyewe. Hamira, amiba na kimelea cha malaria kila kimoja ni seli moja tu. Kwa hiyo anayeandika kwamba prokarioti ni viumbe wa seli moja na yukarioti ni viumbe wa seli nyingi hajatoa tofauti. Ametaja jambo linaloangushwa na mfano wa kwanza utakaomjia msahihishaji kichwani.

Kazi ipo, chumba hakipo

Fungua daftari lolote la kidato cha tano kwenye mada ya saitolojia, na huenda ukakuta jedwali la safu mbili. Safu ya prokarioti imejaa neno "haina". Haina kiini, haina mitokondria, haina kloroplasti, haina vifuko vya Golgi. Yote hayo ni kweli. Ubaya ni kwamba anayeyameza hivyo hubaki na picha ya seli fukara iliyonyimwa kila kitu, na picha hiyo huzaa majibu ya ajabu: kwamba bakteria hawapumui kwa kuwa hawana mitokondria, au hawana DNA kwa kuwa hawana kiini.

Bakteria ana DNA. Bakteria wengi hupumua kwa oksijeni kama sisi, na wote hutengeneza protini usiku na mchana. Alichokosa ni chumba cha kufanyia kazi. Kazi yenyewe haijakosekana. Kwa hiyo kila unapoandika "haina", jiulize papo hapo: kama haina chumba hicho, kazi yake hufanyikia wapi? Swali hilo moja hugeuza orodha ya kukariri kuwa maelezo.

Tuanze na DNA. Katika seli ya yukarioti imezungushiwa utando wenye matabaka mawili, nacho ndicho kiini. DNA hiyo imegawanyika katika kromosomu kadhaa ndefu zenye ncha mbili, na imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Kwa bakteria, kwa kawaida, kuna DNA moja ya duara iliyokunjwa na kukusanyika sehemu ya saitoplazimu iitwayo nukleoidi, bila utando wa kuizunguka. Bakteria wa utumbo aitwaye E. coli ana DNA ambayo ikinyooshwa hufika milimita moja na nusu hivi, ilhali mwili wake wote una urefu wa mikromita 2 tu. Bakteria wengi huwa pia na vipande vidogo vya duara vya ziada, plazimidi, ambavyo huweza kupitishwa kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine. Usugu wa dawa mara nyingi husafiri kwa njia hiyo.

Kukosekana kwa ule utando kuna matokeo ambayo wanafunzi wachache huyataja. Katika seli yetu, ujumbe unaonakiliwa kutoka kwenye DNA hutengenezwa ndani ya kiini, huhaririwa humo humo, kisha ndipo hutoka kwenda kwenye ribosomu kusomwa na kugeuzwa kuwa protini. Kwa bakteria hakuna mlango wa kutoka. Ribosomu huanza kuusoma ujumbe upande mmoja wakati upande wa pili bado unanakiliwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya bakteria kuitikia haraka mabadiliko ya chakula na mazingira. E. coli akiwa katika hali nzuri kabisa hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na hugawanyika kwa kujikata katikati, bila mitosisi.

Kuhusu upumuaji, yukarioti hutengeneza sehemu kubwa ya ATP yake kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Bakteria hufanya kazi hiyo hiyo kwenye utando wa seli yake, ule unaoizunguka saitoplazimu. Hapa nitoe tahadhari. Vitabu vya zamani huchora mikunjo ya utando ndani ya bakteria, ikaitwa mesosomu, na kudai kwamba ndiko upumuaji unakofanyikia. Baadaye ikagundulika kwamba mikunjo hiyo ilisababishwa na kemikali zilizotumika kuandaa seli kwa ajili ya hadubini ya elektroni. Seli zilipogandishwa haraka badala ya kutiwa kemikali, mesosomu hazikuonekana. Ukiandika "utando wa seli" hutakosea, kitabu chako kiwe cha mwaka wowote.

Usanisinuru nao una mfano wake karibu nasi. Katika Ziwa Bogoria nchini Kenya na maziwa mengine ya magadi ya Bonde la Ufa, maji huwa ya kijani kwa sababu ya kiumbe anayejulikana sokoni kwa jina la spirulina. Heroe wadogo humchuja kwa midomo yao, na rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho. Watu wamezoea kumwita mwani, lakini spirulina ni bakteria. Ana klorofili, anatumia mwanga wa jua, anatoa oksijeni, na hana kloroplasti hata moja. Klorofili yake imekaa kwenye tando zilizotandazwa moja kwa moja ndani ya saitoplazimu. Mfano huu unasahihisha makosa mawili kwa mpigo. Kwanza, si kila anayefanya usanisinuru ni mmea. Pili, si kweli kwamba prokarioti hana utando wowote ndani yake. Kisichokuwepo ni oganeli zilizofungwa kwa utando. Maneno hayo "zilizofungwa kwa utando" yanafaa kuandikwa kila mara, kwa sababu ukisema tu kwamba prokarioti haina oganeli, msahihishaji atakuuliza ribosomu umeziacha wapi. Ribosomu hazina utando, na prokarioti anazo kwa maelfu.

Kwa nini vyumba vilihitajika

Swali likiuliza faida ya oganeli zenye utando, hesabu ndogo inasaidia kuliko maneno mengi. Chukua seli yenye umbo la mchemraba, kila ubavu mikromita 1. Eneo lake la nje ni mikromita mraba 6 na ujazo wake mikromita za ujazo 1, yaani uwiano wa 6 kwa 1. Ongeza ubavu ufike mikromita 10. Eneo sasa ni 600 na ujazo ni 1,000. Uwiano umeshuka hadi 0.6 kwa 1. Seli imekua, lakini kila sehemu ya mwili wake imebaki na ngozi kidogo mara kumi kuliko awali.

Bakteria anayepumua kupitia utando wake wa nje anafaidika na udogo wake. Utando unatosha, na kitu kikiingia hufika popote ndani yake kwa muda mfupi sana. Seli kubwa ikitegemea utando wa nje peke yake, haitapata ATP ya kuitosheleza. Suluhisho la yukarioti ni kuwa na utando mwingi ndani: mitokondria zilizojaa mikunjo, na vyumba vinavyotenganisha kazi zisizopatana, kwa mfano vimeng'enya vya kumeng'enya vikafungiwa ndani ya lisosomu visije vikaila seli yenyewe. Ndiyo maana ukubwa na oganeli si tofauti mbili zilizokaa mbalimbali kwenye jedwali. Moja inaielezea nyingine, na mtahiniwa anayeziunganisha ametoka kwenye kutaja akaingia kwenye kueleza.

Ukubwa wenyewe uandikwe kwa uangalifu. Prokarioti wengi wana upana wa mikromita 0.5 hadi 5, na seli nyingi za yukarioti ni mikromita 10 hadi 100. Lakini mwaka 2022 ilitangazwa habari ya bakteria wa kwenye mikoko ya kisiwa cha Guadeloupe, Thiomargarita magnifica, mwenye urefu wa takriban sentimita moja, anayeonekana kwa macho matupu. Na upande wa pili kuna mwani wa baharini, Ostreococcus tauri, yukarioti kamili mwenye kiini na kloroplasti, ambaye hafiki hata mikromita moja. Usiogope. Msahihishaji hakutarajii uwajue hao. Andika tu "kwa kawaida" mbele ya vipimo, na sentensi yako itabaki kweli.

Swali moja, hatua kwa hatua

Tuchukue swali la aina inayopatikana mara nyingi kwenye karatasi za biolojia. Sehemu ya kwanza: toa tofauti nne kati ya seli ya prokarioti na seli ya yukarioti. Sehemu ya pili: mgonjwa ana nimonia iliyoletwa na bakteria; eleza kwa nini penisilini huua bakteria hao bila kuua seli za mgonjwa, na kwa nini dawa hiyo haitamsaidia akiwa na malaria.

Jibu la kawaida la sehemu ya kwanza huwa hivi: "Yukarioti ina kiini. Prokarioti ni ndogo. Prokarioti haina mitokondria. Yukarioti ina ukuta wa seli wa selulosi." Mwandishi wa jibu hili anajua mengi, na bado anaweza kutoka na alama chache. Kasoro ya kwanza ni kwamba kila sentensi imesimama kwa mguu mmoja. Tofauti ni jambo la pande mbili, na msahihishaji haruhusiwi kukumalizia upande ulioacha. Ukisema yukarioti ina kiini, hujasema prokarioti ikoje. Kasoro ya pili ni "ndogo" bila kipimo wala kulinganisha. Ya tatu ni ile ya selulosi: mimea ina selulosi, lakini fangasi wana ukuta wa kitini, na seli za wanyama hazina ukuta kabisa. Sentensi iliyokuwa kweli kwa mchicha imefanywa sheria ya yukarioti wote.

Jibu lile lile likipangwa upya linasomeka hivi: "Katika seli ya prokarioti, DNA iko kwenye nukleoidi bila kuzungukwa na utando, ilhali katika seli ya yukarioti DNA iko ndani ya kiini chenye utando wa matabaka mawili. Prokarioti haina oganeli zilizofungwa kwa utando kama mitokondria, na upumuaji wake hufanyika kwenye utando wa seli, ilhali yukarioti kwa kawaida ina oganeli hizo. Ribosomu za prokarioti ni za aina ya 70S, ilhali ribosomu za saitoplazimu ya yukarioti ni za aina ya 80S. Ukuta wa seli wa bakteria kwa kawaida una peptidoglaikani, ilhali kwa yukarioti ukuta ukiwepo ni wa selulosi au kitini, na wanyama hawana." Angalia neno "ilhali" linavyofanya kazi. Kila pande mbili zinazungumzia jambo moja: mahali pa DNA na mahali pa DNA, ribosomu na ribosomu. Kuweka kiini cha huyu mbele ya flajela ya yule hakutoi tofauti yoyote.

Kwa wanaojiuliza ile herufi S: ni kipimo cha kasi ya chembe kuzama inapozungushwa kwenye mashine kwa kasi kubwa, na kimepewa jina la Theodor Svedberg, Mswidi aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1926. Ribosomu ya 70S ina sehemu mbili, 30S na 50S. Ya 80S ina 40S na 60S. Wanafunzi makini hushtuka kuona 30 na 50 hazileti 70. Hazileti kwa sababu kasi ya kuzama hutegemea umbo pia, si uzito peke yake, na vipande viwili vikishikana umbo hubadilika.

Sehemu ya pili ya swali ndiyo inayoonyesha faida ya kulijua jedwali. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, huzuia kimeng'enya kinachofunga nyuzi za peptidoglaikani pamoja. Bakteria anapokua huku ukuta wake haufungiki vizuri, ukuta hudhoofika. Maji huingia kwa osmosisi, na seli hupasuka. Seli za mgonjwa hazina peptidoglaikani, wala hazina kimeng'enya hicho, kwa hiyo dawa haina cha kushika. Kimelea cha malaria, plasmodiamu, nacho ni yukarioti asiye na ukuta huo, na dawa humpita vilevile. Jibu limekamilika kwa hatua tatu: dawa inashambulia nini, nani anacho, nani hana. Anayeandika "penisilini huua bakteria kwa sababu ni prokarioti" ameruka hatua zote tatu. Na sababu yake haitoshi, kwani kuna bakteria waitwao mikoplazima, wengine huleta nimonia, ambao hawana ukuta wa seli. Penisilini haiwafanyi kitu, ingawa ni prokarioti.

Hoja hiyo hiyo hueleza kwa nini fangasi, malale na malaria zina dawa zake tofauti na antibiotiki tunazopewa kwa homa ya matumbo. Wanaozileta ni yukarioti, seli zao zinafanana na zetu kwa mambo mengi, na mtengeneza dawa hutafuta kwa shida kitu walicho nacho wao ambacho sisi hatuna. Kwa fangasi, moja ya shabaha hizo ni ergosteroli, mafuta yaliyo kwenye utando wao mahali ambapo sisi tuna kolesteroli.

Pale mpaka unapovuka ndani ya seli yetu

Sasa kuna jambo linalowachanganya wanafunzi wazuri kuliko wale wa kawaida. Doksisaiklini ni antibiotiki. Hushika ile sehemu ya 30S ya ribosomu ya bakteria na kuzuia utengenezaji wa protini. Lakini msafiri anayekwenda eneo la malaria huweza kuandikiwa doksisaiklini hiyo hiyo kama kinga. Plasmodiamu si ni yukarioti? Ribosomu zake si za 80S?

Ni kweli, zile za saitoplazimu. Lakini ndani ya plasmodiamu mna oganeli iitwayo apikoplasti, ndugu wa mbali wa kloroplasti, ambayo imepoteza uwezo wa usanisinuru na kubaki na kazi nyingine za kikemia ambazo kimelea hakiwezi kuishi bila hizo. Oganeli hiyo ina DNA yake yenyewe na ribosomu za aina ya bakteria, na hizo ndizo doksisaiklini inazozishika. Kimelea hakifi mara moja. Huendelea hadi kuzaa, na watoto wake wakirithi apikoplasti isiyofanya kazi ndio hushindwa kuendelea katika mzunguko unaofuata. Kwa kuwa ni dawa ya polepole namna hii, haitumiki peke yake kumtibu mtu aliyekwisha kuugua.

Kwa nini oganeli ya yukarioti iwe na ribosomu za kibakteria? Lynn Margulis alitetea jibu katika makala yake ya 1967, wakati wengi wakilitilia shaka: mitokondria na kloroplasti zilikuwa bakteria huru waliomezwa na seli nyingine zamani sana, wakabaki humo. Ushahidi ni ule ule wa jedwali letu. Zina DNA ya duara, huzaliana kwa kujigawa, ukubwa wake unalingana na wa bakteria, na ribosomu zake ni za jamii ya 70S. Vitabu vya sekondari huandika 70S kwa zote, ingawa za mitokondria za binadamu zimepimwa na kuwa 55S. Kwenye mtihani wa kidato cha sita 70S inakubalika.

Undugu huo una gharama hospitalini. Kloramfenikoli, antibiotiki inayoshika sehemu ya 50S, huweza pia kuzuia ribosomu za mitokondria katika seli za uboho, na utengenezaji wa damu ukapungua. Streptomaisini, iliyopatikana mwaka 1943 na ikawa dawa ya kwanza kuvitibu vizuri vijidudu vya kifua kikuu, ni ya jamii ya dawa zinazoweza kuharibu usikivu; na watu wenye badiliko fulani la kurithi linalofanya ribosomu za mitokondria zao zifanane zaidi na za bakteria huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupoteza kusikia wakipewa dawa za jamii hiyo.

Kwa mtahiniwa, yote haya yanarudi kwenye maneno machache. Usiandike kwamba yukarioti ina ribosomu za 80S ukaishia hapo. Andika "za 80S kwenye saitoplazimu, na za aina ya 70S ndani ya mitokondria na kloroplasti". Swali likikuuliza ushahidi kwamba mitokondria zilitokana na prokarioti, tayari unao. Swali likikuuliza kwa nini antibiotiki inayolenga 70S inaweza kumdhuru mgonjwa, unao pia.

Limebaki suala la virusi, ambalo huharibu majibu mengi mwishoni. Kirusi cha UKIMWI au cha mafua hakina kiini, na mwanafunzi aliyechoka hukitupa kwenye safu ya prokarioti. Hakuna safu yake katika jedwali hili. Kirusi hakina saitoplazimu, hakina ribosomu zake, hakitengenezi ATP. Ni chembe ya urithi iliyofungwa ndani ya protini, wakati mwingine na utando wa mafuta juu yake. Prokarioti na yukarioti ni majina ya seli, na virusi si seli. Hiyo pia ndiyo sababu antibiotiki haitibu mafua: haina ukuta wa peptidoglaikani wa kubomoa, wala ribosomu ya 70S ya kuzuia.